Nyuma ya Vocha

Jina la Kijembe hakupewa na mama yake. Alipewa na ofisi, wiki ya pili tu tangu aajiriwe, baada ya kumwambia bosi wao, mbele ya mteja, kwamba kiti chake kinalia kwa sababu kimechoka kusubiri nyongeza ya mshahara. Bosi alicheka, mteja akacheka, na kiti kikaendelea kulia. Tangu siku hiyo jina lilimkaa kama shati la kushonewa.

Ilikuwa ofisi ndogo ya uhasibu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Meza nne, kabati moja lisilofunga vizuri, na pembeni mashine ya kuchana karatasi ambayo Kijembe mwenyewe aliibatiza Mbuzi, kwa kuwa ilikula chochote ilichowekewa mdomoni na haikuwahi kusema imeshiba. Meza iliyopakana na yake ilikuwa ya dada mmoja aliyesoma kila karatasi kwa rula, mstari kwa mstari, miwani ikining'inia kwenye ncha ya pua. Huyo naye Kijembe alimwita Darubini. Darubini hakukasirika. Alisema afadhali darubini kuliko kipaza sauti.

Siku Mama Mkubwa alipopanda ngazi zile, alikuwa amekumbatia kopo la biskuti, lile la bati lenye picha ya maua yaliyofifia. Kijembe alilijua tangu utotoni. Alilelewa nyumbani kwa Mama Mkubwa, dada wa mama yake, kuanzia alipoingia sekondari hadi alipomaliza, na muda wote huo kopo lile lilikaa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Yeye aliwahi kulifikia kwa kupanda kiti, akakuta makaratasi. Hajapata kudanganywa vile na kopo la biskuti maishani mwake.

"Karibu, Mama Mkubwa. Shikamoo. Leo umeleta biskuti kweli au bado ni zile karatasi?"

"Marahaba. Bado ni zile karatasi," Mama Mkubwa alisema, akaketi taratibu. "Na leo ndiyo kazi yako."

Baba Mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa karani wa ghala, mtu wa suruali yenye mkunjo uliosimama na maneno ya kuhesabika, na tangu ujana wake alikuwa na hisa katika kampuni mbili: benki moja na kiwanda kimoja cha saruji. Sasa Mama Mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, na ofisi ya kodi ilimtaka apeleke kumbukumbu ya mapato ya marehemu kwa miaka sita ya mwisho kabla ya faili kufungwa. Bila barua ya kufunga faili, hisa zisingehamishiwa jina lake.

"Wanataka nini hasa?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Kitu chepesi," Kijembe alisema, akachomoa karatasi moja koponi. "Hizi ndizo vocha za gawio. Si vocha za simu, usije ukakwangua."

"Endelea kunitania, mimi nasikiliza."

"Kila kampuni ikiwagawia wenye hisa faida, inatuma karatasi hii. Ina mambo matatu. Gawio lote kabla ya kukatwa. Kodi ya zuio, ambayo kampuni inaikata hapo hapo na kuipeleka serikalini. Halafu kilichobaki, ndicho kinachoingia benki. Mimi naandika hayo matatu kwa kila vocha, najumlisha mwaka kwa mwaka, nakupa kitabu kizuri, unapeleka. Basi."

Mama Mkubwa aliitikia kwa kichwa, lakini mkono wake haukuachia kopo. "Nimekuletea wewe, sikupeleka kwingine. Ukimaliza unirudishie zote. Za miaka hiyo sita na za zamani. Hata iliyokunjamana, irudi na mikunjo yake."

"Mama Mkubwa, nani aibe karatasi za hesabu? Mende wenyewe wanazikimbia."

"Wewe nirudishie."

"Nitarudisha. Nisiporudisha nikate hili sikio."

"Sikio lako la nini? Halijawahi kusikia."

Darubini alicheka mpaka miwani ikaanguka juu ya rula. Mama Mkubwa aliachia kopo, akalipapasa kifuniko mara moja kama mtu anayemuaga mtoto kwenye geti la shule, akateremka ngazi.

Vocha za benki zilikuwa rahisi. Gawio lote lilikuwa mstari wa kwanza, kodi mstari wa pili, kilichobaki mstari wa tatu. Hisa elfu mbili na mia tano, gawio moja nukta sita kwa kila hisa: elfu nne. Kodi asilimia kumi, mia nne. Kilichobaki elfu tatu na mia sita. Kijembe aliandika vocha mbili za kwanza kwa uangalifu, kisha akachoka. Uangalifu na yeye hawakuwa marafiki wa siku nyingi.

Akajitengenezea njia ya mkato. Kwenye jedwali la kompyuta aliweka kanuni: yeye anaandika gawio lote tu, kompyuta inatoa kodi asilimia kumi, halafu inapiga kilichobaki. Namba moja inaingia, tatu zinatoka. Alipiga makofi peke yake.

"Umesoma namba ngapi hapo?" Darubini aliuliza bila kuinua kichwa.

"Moja. Nyingine zinajizaa."

"Zinazojizaa hazina baba."

"Dada yangu, wewe na rula yako mtazeeka pamoja. Mwenzio nikimaliza hapa nakwenda kunywa chai."

Darubini aligonga vocha iliyokuwa mbele yake kwa ncha ya kalamu. "Mimi nazidisha hisa kwa gawio la kila hisa, nione kama gawio lote ni kweli. Natoa kodi iliyoandikwa, si ninayoidhania. Halafu natazama taarifa ya benki, nione kama kilichobaki ndicho kilichoingia. Hapo ndipo nanywa chai."

"Ikiwa imepoa."

"Ikiwa imepoa, lakini yangu."

Basi Kijembe akaingia kwenye vocha za saruji. Kiwanda kile kilikuwa na mtindo wake. Juu kulia kulikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku namba nene nyeusi, iliyojigamba kama bwana harusi: elfu kumi na mia nane. Chini, kwa maandishi madogo ya kubana, ndipo palipokuwa na mengine yote. Macho ya Kijembe yalimfuata bwana harusi. Aliandika elfu kumi na mia nane kama gawio lote, kompyuta ikakata asilimia kumi, na kilichobaki kikatoka elfu tisa mia saba na ishirini. Mstari ukakaa sawasawa. Gawio kutoa kodi ni sawa na kilichobaki: nani angebisha? Alifanya hivyo kwa kila vocha ya saruji, mbili kwa mwaka, miaka yote sita, na kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza.

Siku hiyo hiyo Mama Mkubwa alipiga simu.

"Umezisoma?"

"Zote, Mama Mkubwa. Kuanzia kichwa mpaka mkia."

"Na hukuona kitu?"

"Nimeona gawio, nimeona kodi, nimeona kilichobaki. Ulitaka nione nini tena, picha ya harusi?"

"Haya," Mama Mkubwa alisema. "Haya, mwanangu." Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyoosha mkono asalimie, kisha akaurudisha mfukoni. Kijembe aliisikia sauti ile. Akaipita.

Wiki iliyofuata bosi alitangaza kwamba wakaguzi wanakuja, na kwamba hataki kuona karatasi hata moja juu ya meza isiyokuwa na kazi. Kila mtu akaanza kupanga mafaili. Kijembe alitazama kopo la biskuti lililofura makaratasi. Kulibeba hadi kwa Mama Mkubwa kulimaanisha kukatiza mji mzima, na Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira. Kabati lilikuwa limejaa hadi mlango ukabaki wazi. Namba zote, alijiambia, zimeshaingia kwenye kompyuta. Karatasi ambayo namba zake zimechukuliwa ni nini? Ni ganda la muwa.

Akamlisha Mbuzi.

Mbuzi alikula za miaka sita, akala za miaka ya nyuma, akala mpaka zile za njano zilizoanza kukatika kwenye mikunjo. Mara moja au mbili Kijembe aliona upande wa nyuma wino wa buluu, mwandiko uliolala kidogo. Alidhani ni hesabu za mzee, maana Baba Mkubwa alikuwa mtu wa hesabu. Hakugeuza hata moja. Darubini alikuwa benki siku hiyo, na hilo Kijembe alikuja kulifikiria sana baadaye, kwa sababu angekuwapo angeuliza.

Kopo likabaki tupu, safi, zuri. Akatia humo sukari na majani ya chai. Kitabu cha kumbukumbu alikichapisha kwa rangi, akakitia jalada, akamtuma mtu wa pikipiki akipeleke. Mama Mkubwa akakipokea na kukifikisha ofisi ya kodi akiwa amevaa kitenge chake cha heshima.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakusema kitu kuhusu ya mvivu. Ya Kijembe ilichukua miezi miwili kufika mwisho.

Mama Mkubwa alitokea mlangoni bila kupiga simu. Hakuketi. Alitoa barua mkobani, akaiweka juu ya meza.

"Wanasema nimepunguza mapato ya marehemu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa meza nyingine zisisikie. "Wanasema kiwanda cha saruji kimewapa orodha yake, na orodha haifanani na yetu. Mume wangu! Mtu aliyekuwa akirudi dukani kurudisha chenji iliyozidi! Kijana pale dirishani ananitazama kama nimeficha kitu chini ya kitenge."

Kijembe alisoma barua. Kiwanda kilikuwa kimeripoti gawio lote la elfu kumi na mbili karibu kila malipo, na kodi elfu moja na mia mbili. Kumbukumbu ya mirathi ilikuwa na elfu kumi na mia nane, na kodi elfu moja na themanini. Sikio lake, lile aliloahidi likatwe, likapata moto. Elfu kumi na mbili ukitoa elfu moja na mia mbili ni elfu kumi na mia nane. Bwana harusi hakuwa gawio. Bwana harusi alikuwa kilichobaki.

"Ni kosa dogo la kuandika," alisema. "La kwangu. Linarekebishika."

"Alhamdulillahi. Wanataka vocha zenyewe." Uso wa Mama Mkubwa ukalegea kidogo. "Bahati nzuri zote ziko kwako. Kumbe hata kopo langu naliona pale."

Kopo lilikuwa pembeni ya kompyuta, maua yake yakiwatazama. Mama Mkubwa alinyoosha mkono. Kijembe akawahi, akalikumbatia kifuani, na ndani yake sukari ikasogea kwa sauti ya mchanga.

"Niachie kwanza nizipange, Mama Mkubwa. Kwa tarehe. Ukiwapelekea zimechanganyika watakuzungusha."

Mama Mkubwa alisikiliza ile sauti ya mchanga. Akamtazama mtoto aliyemlea, akamtazama tena. "Haya," alisema. "Zipange."

Aliposhuka ngazi, Darubini alivua miwani. Watu waliomjua Darubini waliogopa zaidi akiivua.

"Ziko wapi?"

Kijembe alielekeza kidole kwa Mbuzi.

"Zote?"

"Zote."

Darubini alifungua droo, akatoa karatasi nyeupe. "Andika barua kwa msajili wa hisa wa kila kampuni. Ambatisha barua ya usimamizi wa mirathi, namba ya akaunti ya hisa, na ada ya nakala. Utailipa wewe. Omba nakala za vocha zote walizonazo. Na usinitanie leo, maana nitakupiga na rula."

Nakala zilichukua wiki kadhaa. Wasajili wale walikuwa na kumbukumbu za miaka ile sita tu. Za nyuma zaidi, walisema, mtambo wa zamani ulikwishaondolewa, na haukuacha kitu. Kijembe hakujali hilo. Ofisi ya kodi ilitaka sita, na sita zimepatikana. Zilikuja kwenye bahasha kubwa, karatasi nyeupe zisizo na mkunjo hata mmoja, na kila moja ilipigwa muhuri mwekundu wa neno NAKALA.

Safari hii alisoma kwa rula. Darubini alikaa ubavuni mwake, na walikwenda polepole kama wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Hisa elfu nne, gawio tatu kwa kila hisa: elfu kumi na mbili, na ndivyo ilivyoandikwa, kwa herufi ndogo chini. Kodi ya zuio elfu moja na mia mbili, asilimia kumi kamili. Kilichobaki elfu kumi na mia nane, ndani ya kisanduku. Taarifa ya benki: elfu kumi na mia nane, siku ile ile. Na inayofuata. Mwaka mmoja kiwanda kilikuwa kimelipa mbili na nusu kwa hisa badala ya tatu. Kwenye kumbukumbu ya kwanza Kijembe alikuwa ameandika namba ya mwaka huo bila hata kushtuka kwamba imeshuka.

"Unaona?" Darubini alisema. "Vocha haina namba moja. Ina mazungumzo. Huyu anasema, yule anamjibu, wa tatu anathibitisha. Wewe ulimsikiliza mmoja ukaondoka."

Kijembe alitaka kusema kwamba ndivyo anavyofanya hata harusini. Akaacha.

Kumbukumbu mpya alikwenda nayo mwenyewe ofisi ya kodi, pamoja na Mama Mkubwa. Yule kijana wa dirishani aliziweka nakala upande huu, orodha ya kiwanda upande ule, akapitisha kidole. "Sasa zinakubaliana," alisema. Akagonga muhuri. "Mama, samahani kwa usumbufu. Hamkuficha kitu. Mlisoma kiasi kilicholipwa mkadhani ndicho gawio."

"Aliyesoma ni huyu," Mama Mkubwa alisema, akimgusa Kijembe begani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. "Shule tulimpeleka. Macho alikuja nayo mwenyewe."

Kijembe alicheka mpaka machozi. Jambo limekwisha, alijiambia. Faili litafungwa, hisa zitahama, aibu imefutika. Kilichobaki kilikuwa kopo.

Alimwaga sukari na majani ya chai, akaliosha, akalianika dirishani. Nakala alizikunja kila moja mara mbili, kisha akazikunja tena upande mwingine, ili zionekane zimeishi. Alifikiria hata kuzipitisha kwenye chai ya rangi zipate unjano. Aliacha kwa sababu ya ule muhuri mwekundu, maana hakuna chai duniani inayofuta neno NAKALA. Alitumaini Mama Mkubwa ataliweka kopo juu ya kabati kama zamani, asilifungue miaka na miaka. Mpango wake wote ulisimama juu ya mguu huo mmoja.

Jumapili mchana alilifikisha. Sebule ilikuwa ile ile: makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani inayotangulia, kiti cha Baba Mkubwa ambacho hakuna aliyekaa. Mama Mkubwa alilipokea kopo kwa mikono miwili. Halikufika kabatini. Aliketi, akaliweka mapajani, akafungua.

Alitoa karatasi ya kwanza. Hakuisoma. Aliigeuza nyuma, akaitazama, akaiweka pembeni. Akatoa ya pili, akaigeuza. Ya tatu. Ya nne. Kila mara alitazama ule weupe kwa utulivu ule ule, kama mtu anayebisha hodi nyumba baada ya nyumba akijua fika watu walikwishahama.

"Unatafuta nini, Mama Mkubwa?" Kijembe aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Hizi hazina nyuma."

"Ni nakala. Zina namba zote. Nimezihakiki moja moja, hisa, gawio, kodi..."

"Za mwenyewe ziko wapi?"

Pale angeweza kusema uongo. Uongo mmoja mzuri ulikuwa tayari ulimini, umevaa na viatu. Lakini alimwona Mama Mkubwa akiishika karatasi ya tano bila kuigeuza, kana kwamba anaipa nafasi.

"Nilizichana," alisema. "Zote. Nilidhani nikishatoa namba, basi. Nisamehe, Mama Mkubwa."

Saa ya ukutani ilitembea. Mtaani mtu aliburuta kiti cha plastiki.

"Alikuwa na mazoea," Mama Mkubwa alisema hatimaye, akimtazama si yeye bali kile kiti kitupu. "Vocha ikifika, alisubiri hela iingie, tuitumie. Halafu alikaa pale na kalamu. Alikuwa akisema, 'Mbele wameandika wao walichotupa. Nyuma naandika mimi kilikokwenda.' Kila moja. Bati la jikoni. Matibabu ya mama yake. Godoro. Ile mara moja tuliyosafiri wawili tu, akaandika hata jina la hoteli. Mtu hakuwa na maneno, wewe unamjua. Maneno yake yote yalikuwa humu."

Kijembe alikumbuka wino wa buluu. Mwandiko uliolala. Alikumbuka jinsi mashine ilivyovuta karatasi kutoka vidoleni mwake, kwa pupa, na yeye akaicheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipomtazama. "Nilikupa usome. Nilikuwa na uwezo wa kuzipeleka kwa mtu mwingine, mwenye ofisi kubwa. Nikasema hapana, nimpe mtoto, atakutana na yake mwenyewe humo ndani, bila mimi kumwambia. Mwaka wa mtihani wako wa mwisho. Gawio la saruji lilikwenda kwenye ada yako ya mtihani, na nyuma aliandika. Si ada tu. Aliandika maneno kidogo juu yako."

"Maneno gani?"

"Nilipiga simu nikakuuliza kama umeona kitu."

"Maneno gani, Mama Mkubwa?"

Alifikiri. Alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, kama anayejaribu funguo moja baada ya nyingine. Kijembe alimngoja kama hajawahi kumngoja mtu. Mzee yule, katika miaka yote ya kula meza moja, alimwambia labda mara mbili kitu kisichohusu daftari au viatu. Kijembe alimtania kila siku, akamwigiza anavyotembea, akamwigiza anavyokohoa, na mzee alimtazama tu juu ya gazeti. Hakujua kamwe kama alikuwa akimchosha.

"Lilikuwa jambo la kuchekesha," Mama Mkubwa alisema. "Alikuwa akikuita Redio. Lilianza na Redio... Halafu nini? Nilicheka nilipolisoma. Naye alicheka, mbele yangu, hapo alipoketi." Akafumbua macho. "Siyakumbuki maneno yenyewe, mwanangu. Nilijua yapo. Mtu hakariri kitu anachojua kipo kabatini."

Kijembe aliinamisha kichwa. Alikuwa na utani kwa kila tukio chini ya jua, na alitafuta kila pembe, na hakukuta hata mmoja wa kumsaidia.

Baada ya muda Mama Mkubwa alinyanyuka, akarudi na kalamu. Ya buluu. Akampa, akamsogezea nakala.

"Mwandiko wako ni mbaya," alisema, "lakini macho yangu ni mabaya zaidi. Andika."

Akazichukua moja moja, akazisoma tarehe za mbele kwa taabu, akakumbuka alichoweza. Hii, miaka miwili kabla hajafa: miwani yake na dawa ya presha. Hii ya benki: walipeleka mchango wa mazishi ya jirani, na iliyobaki walinunua redio mpya, maana redio ya zamani, mzee alisema, ilikuwa imemaliza shule ikahama. Kijembe alicheka, kicheko kikavunjika katikati. Aliandika. Hii: rangi ya chumba. Hii... hii labda ni bomba la maji, au bomba lilikuwa mwaka unaofuata. Andika bomba, weka alama ya kuuliza.

"Na ile yangu?" Kijembe aliuliza. "Tuiandike nyuma ya ipi?"

Mama Mkubwa alipekua, ingawa wote wawili walijua. Miaka sita haikufika huko. Kwa mwaka ule hapakuwa na mbele wala nyuma.

"Hiyo haina karatasi," alisema.

Waliendelea mpaka mwanga wa dirishani ukahamia kwenye kiti cha Baba Mkubwa na kukivuka. Ya mwisho ilikuwa ya saruji, mojawapo ya zile za mwaka uliolipa mbili na nusu. Mama Mkubwa aliishika kwa muda mrefu.

"Hii sikumbuki," alisema. "Mwaka huo hela ilipungua, akalalamika, lakini ilikwenda wapi sikumbuki. Iache."

Kijembe aliiacha. Kalamu ikiwa bado mkononi, aliigeuza mbele, mazoea mapya yakampeleka, akasoma kwa kidole. Hisa elfu nne kwa mbili na nusu: elfu kumi. Kodi ya zuio elfu moja. Kilichobaki elfu tisa. Vyote vitatu vilikuwa sahihi.